Nyani haoni kundule, na kofia pia haioni

(Hotuba kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, Morogoro. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao mvua iliwazuia kufika. Picha za ukutani nimeziacha, yaliyokuwemo nimeyaeleza kwa maneno.)

Walimu wenzangu, wakuu wa shule mlioko mbele, na nyinyi mliojibanza nyuma karibu na mlango mkidhani siwaoni, hamjambo?

Mlipoingia mlipewa kikaratasi chenye swali moja: tukichukua walimu 100 wa somo lako, unadhani wewe kwa kufundisha unawapita wangapi? Hamkuandika majina. Vikaratasi vyote vimo kwenye kofia hii yangu, na wakati wa chai nimevipitia. Mnajua nimeona nini? Walioandika chini ya 50 hawatimizi vidole vya mkono mmoja.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ninachojua ni kwamba katika watu 100 waliopangwa foleni, 50 lazima wawe nusu ya nyuma. Labda Morogoro imebarikiwa, walimu wote wa nusu ya nyuma wako mikoa mingine. Lakini msione haya. Mwaka 1977 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, waliulizwa swali la namna hii, na 94 katika kila 100 wakasema wao ni bora kuliko mwalimu wa kawaida. Hao ni maprofesa.

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wenu mmeshalisikia, kwamba asiyejua hajui kuwa hajui, na anayejua sana hujiona mdogo. Wahenga walishasema debe shinda haliachi kutika. Lakini mimi nauliza: je, ni kweli? Ni kweli kiasi gani? Na aliyesema ni kweli alipima vipi?

Tuanze na kisa. Mwaka 1995, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mtu mmoja aliiba kwenye benki mbili mchana kweupe, uso wazi, kamera zikimtazama. Picha zikaonyeshwa kwenye taarifa ya habari ya usiku, akakamatwa. Polisi walipomwonyesha picha alishangaa kwa dhati. Alikuwa amejipaka maji ya limau usoni, kwa kuamini kwamba limau litamfanya asionekane kwenye kamera.

Mnacheka. Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, David Dunning na Justin Kruger, walianza na kisa hicho katika utafiti wao wa mwaka 1999. Waliwapa wanafunzi wa chuo majaribio ya mantiki, ya sarufi ya Kiingereza, na ya kutambua kichekesho kizuri, halafu wakawauliza kama nilivyowauliza nyinyi: unadhani umewapita wangapi katika 100? Kisha wakawagawa wanafunzi katika robo nne kwa kufuata alama. Wale wa robo ya mwisho, kwa wastani, walikuwa wamewapita wenzao 12 tu katika 100. Wao walidhani wamewapita 62.

Kumi na mbili, na wanajiona sitini na mbili! Na wale wa robo ya kwanza je? Hao walijiweka chini ya nafasi yao. Kwenye sarufi, kwa mfano, walikuwa wamewapita wenzao 89, wakadhani wamewapita kama 70 hivi.

Maelezo ya Dunning na Kruger yalikuwa haya: ujuzi unaohitajika kujibu swali ndio huohuo unaohitajika kutambua kuwa jibu ni baya. Asiye nao anabeba mzigo mara mbili, kwanza anakosea, pili haoni kuwa amekosea. Nyani haoni kundule.

Hebu tulijaribu hilo hapahapa. Swali ni la Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, la miaka ya 1960. Kuna kadi nne mezani. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unachoona juu ni A, K, 4 na 7. Nakwambia hivi: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Je, ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama nasema kweli? Zilizo lazima tu, msigeuze za ziada.

Wanaosema A na 4, nyoosheni mikono. Naam. Ukumbi karibu wote. Mna uhakika? Mikono bado iko juu, vizuri. Sasa sikilizeni. A lazima uigeuze, hapo mko sawa. Lakini 4 ya nini? Nyuma ya 4 kukiwa na irabu, sawa. Kukiwa na konsonanti, pia sawa, kwa kuwa sikusema lolote kuhusu konsonanti. Haiwezi kunikamata na uongo. Kadi ya kunikamata ni 7, kwa sababu nyuma yake kukiwa na irabu nimekwisha. Jibu ni A na 7.

Naona mikono inashuka polepole. Sasa jiulizeni: dakika moja iliyopita, kosa lenu lilikuwa na hisia gani? Lilikuwa linawasha? Hapana. Lilikuwa na hisia ileile ya kuwa sahihi. Hiyo ndiyo hoja ya wale wa Cornell, na katika jaribio lao la nne walitumia maswali ya aina hii hasa. Nusu ya wanafunzi walipewa somo fupi, dakika kama kumi, la namna ya kuyatatua. Wale dhaifu waliopata somo wakaanza kuziona karatasi zao walizokwisha kujibu jinsi zilivyo, wakashusha makadirio yao. Waliokosa somo hawakubadilika. Zingatieni hapo, kwa sababu nitarudi.

Mpaka hapa hadithi ni tamu. Tatizo, ndugu zangu, liko kwenye ule mchoro wa 12 na 62.

Muhula uliopita nilifanya jambo na kidato cha tatu, wanafunzi 40. Niliwapa jaribio la logi, nikasahihisha, nikawapanga foleni kuanzia wa kwanza hadi wa 40. Wale kumi wa mwisho, ukikokotoa, kwa wastani wanawapita wenzao kama 12 katika 100. Wale kumi wa kwanza wanawapita kama 88. Sikuwauliza wanajionaje. Nilichukua kofia hii hii, nikatia vipande vya karatasi vilivyoandikwa 1 hadi 100, nikakung'uta, kila mmoja akachomoa kimoja. Hicho ndicho nikakiandika kuwa ni kadirio lake.

Fikirini kabla sijawaambia. Kofia haina majivuno. Kofia haina aibu. Kofia haijui nani anajua logi na nani hajui. Wastani wa vipande vyote humo ndani ni karibu 50. Basi wale kumi wa mwisho walichomoa wastani wa ngapi? Karibu 50. Na wale kumi wa kwanza? Karibu 50. Nikachora. Kundi la mwisho liko kwenye 12 na "linajiona" 50. Kundi la kwanza liko kwenye 88 na "linajiona" 50. Wajinga wanajikweza, wajuzi wanajishusha! Mchoro uleule, umetengenezwa na kofia.

Mnaona hatari ilipo? Aliye chini kabisa akikosea kujikadiria, atakosea kuelekea wapi? Juu tu, chini hakuna nafasi. Aliye juu kabisa akikosea atashuka tu. Hiyo ni hesabu ya kuta mbili, haihitaji saikolojia yoyote.

Sasa tuongeze kitu kimoja cha kibinadamu, yale mliyonionyesha nyinyi kwenye vikaratasi. Watu wengi, wazuri na wabaya, hujiweka juu kidogo ya katikati. Kule Cornell wastani wa makadirio ya wote ulikuwa kati ya 60 na 70. Basi chukua namba za kofia, ongeza kila moja 16. Kundi la mwisho: 12 halisi, makadirio 66. Kundi la kwanza: 88 halisi, makadirio 66. Linganisheni na namba za Cornell, 62 chini na kama 70 juu. Tofauti imebaki ndogo sana.

Na tofauti hiyo ndogo inasema nini? Kwamba waliofanya vizuri walijiweka juu kuliko waliofanya vibaya. Rudieni hilo mkiwa njiani kwenda nyumbani: hakuna mahali katika utafiti ule ambapo wa mwisho walijiona bora kuliko wa kwanza. Ile picha inayozunguka kwenye simu zenu, yenye mlima mrefu wa kujiamini mwanzoni, kisha bonde, kisha mwinuko wa kupanda taratibu, haimo kwenye utafiti wa mwaka 1999. Mlima huo umepandishwa na watu wengine.

Hili la kofia si ugunduzi wangu. Joachim Krueger na Ross Mueller waliandika mwaka 2002, miaka mitatu tu baada ya Cornell, kwamba mchoro unaweza kuelezwa kwa kurudi kwenye wastani pamoja na ile tabia ya kujiona juu ya wengi. Mwalimu yeyote anaijua hiyo kurudi kwenye wastani hata kama hajawahi kuipa jina. Wale waliokuwa wa mwisho kwenye mtihani wa majaribio wa kwanza, wa pili wakifanya, kundi lao hupanda bila hata kufundishwa tena. Kwa nini? Kwa sababu siku ile ya kwanza mmoja wao alikuwa na malaria, mwingine alikutana na mada asiyoisoma. Alama ni ujuzi pamoja na bahati, na ukiwachagua watu kwa alama za chini, umechagua pia bahati mbaya. Mtoto yule wa malaria akisema "mimi niko katikati", huenda anasema kweli kuhusu ujuzi wake. Karatasi ndiyo iliyodanganya.

Dunning na wenzake waliijibu hoja hii mwaka 2008 kwa kurekebisha hesabu ili kuondoa kelele za mtihani, yaani ile bahati. Pengo likapungua, lakini halikwisha. Waliwaahidi pia baadhi ya wanafunzi hadi dola 100 wakijikadiria sawasawa, na hiyo haikuwafanya wa chini wajue zaidi. Kwa hiyo si kwamba walikuwa wanajua ukweli na kuuficha kwa aibu.

Lakini mwaka 2006 Katherine Burson, Richard Larrick na Joshua Klayman walikuwa wameshatia mchanga kwenye pilau. Walibadilisha ugumu wa kazi. Mtihani ukiwa mgumu, kila mtu hujiweka chini. Tufanye hesabu: wote wakijiweka wastani wa 40, wa mwisho aliye kwenye 12 amekosea kwa 28, na wa kwanza aliye kwenye 88 amekosea kwa 48. Nani sasa hajijui? Mjuzi! Na ndivyo walivyoona: katika kazi ngumu, waliofanya vizuri ndio waliopotoka zaidi kuhusu nafasi yao.

Hapo ndipo nataka kusimama kidogo kwa mjuzi, maana yeye tunamsahau, na ukumbi huu umejaa watu wa aina yake.

Nina mwenzangu wa fizikia, mkali kweli. Mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa akitoka darasani akiniambia, "Kaka, leo nimefundisha kitu chepesi, nimemaliza kwa dakika kumi." Watoto walikuwa wakitoka nyuma yake macho yamewatoka. Ukimuuliza yeye ni mwalimu wa kiwango gani, anasema wa kawaida tu. Hakuwa anajifanya mnyenyekevu. Aliamini kwa dhati kwamba kila aliyesoma fizikia anaiona kama yeye. Siku aliyopangwa kusahihisha mitihani ya shule nyingine, alirudi jioni amekaa kimya. Akaniambia, "Sikujua watu hawajui."

Kule Cornell walifanya jambo lilelile kwa makusudi. Wiki kadhaa baada ya jaribio la sarufi waliwaita wa robo ya kwanza na wa robo ya mwisho, wakawapa karatasi tano za wenzao wazisahihishe, kisha wakawauliza tena: sasa unadhani uko wapi? Wazuri walipandisha makadirio yao. Kosa lao halikuwa juu yao wenyewe, lilikuwa juu ya wengine. Wabaya, waliposahihisha karatasi nzuri kuliko zao, hawakushuka. Na ningependa tusichanganye jambo hili na ile hali ya mtu hodari kuhisi kwamba amefika alipo kwa bahati na kwamba ipo siku atafichuliwa, ambayo Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza mwaka 1978. Huyo ana hofu juu yake mwenyewe. Mwenzangu wa fizikia hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa hajaona karatasi za watu.

Basi limebaki nini? Mtaniuliza, tumekuja kwa mvua yote hii kuambiwa kofia imemaliza kila kitu?

Haijamaliza. Mwaka 2020 Gilles Gignac na Marcin Zajenkowski walichukua watu 929, wakawapima akili na kuwauliza wanajionaje. Hawakuwagawa katika robo. Waliutazama mstari mzima, mtu kwa mtu. Kama mzigo mara mbili ni mkubwa kama tunavyoambiwa, makadirio ya watu wa chini yangetapakaa zaidi kuliko ya watu wa juu, au mstari ungepinda. Hawakuona hivyo. Mwaka uliofuata Rachel Jansen na wenzake wakapima maelfu ya watu kwa sarufi na mantiki. Wao walikubali kwamba sehemu ya mchoro ni ya kofia, lakini walipofanya hesabu yao, maelezo yaliyokaa vizuri zaidi yalikuwa yale yanayokubali kwamba wenye ujuzi mdogo wana shida zaidi kutambua, jibu kwa jibu, lipi wamepata na lipi wamekosa.

Jibu kwa jibu. Shikeni hilo. Swali la "umewapita wangapi" lina maswali mawili ndani yake: nimefanyaje, na wengine wamefanyaje? La pili hata mwenye akili nyingi hulikosa, kwa sababu hajaona karatasi za wengine. La kwanza ndilo linaloonyesha kama mtu anauona ujuzi wake. Zile kadi za Wason zilikuwa la kwanza.

Mimi siku hizi napima hivi. Jaribio lina maswali 20. Kando ya kila jibu mwanafunzi anaandika U kama ana uhakika, au anaacha wazi. Hakuna alama ya U. Mkitoa alama kwa U wataanza kucheza nayo, nilishakosea hapo. Nawapa mfano wa watoto wawili wa darasa langu. Wa kwanza alipata 8. Aliandika U mara 15, na katika hizo 15 alipata 7. Katika zile 5 alizoacha wazi alipata 1. Yaani U yake haibebi habari kubwa: yuko tayari kuapa kwa jibu ambalo ni kama kurusha shilingi. Wa pili alipata 17. Aliandika U mara 9 tu, zote akapata. Zile 11 za wasiwasi alipata 8. Huyu anaogopa bila sababu, lakini U yake ni dhahabu. Akiandika, ni kweli.

Ningewauliza wote wawili "umewapita wangapi", wa kwanza angesema 50, wa pili angesema 60, nami ningechora mchoro na kusema mjinga hajijui na mjuzi anajishusha. Nisingejua kitu. Kwa U zao najua la kufanya Jumatatu. Wa kwanza nakaa naye kwenye zile 8 alizoapa na kukosa, moja moja, mpaka aone mwenyewe kosa lilikoingilia, kama wale wa Cornell waliopewa dakika kumi. Wa pili nampa karatasi tano za wenzake asahihishe. Ukibadilisha dawa hizo, huyu wa kwanza ukampa kusahihisha, atazipigia vema karatasi zenye makosa kama yake. Nilishajaribu, nikasahihisha upya karatasi tano usiku.

Mkuu wangu wa shule pale mbele ananionyesha saa. Vikaratasi vyenu vitabaki kwenye kofia hapa mlangoni, anayetaka chake achukue, ingawa sijui atakitambuaje. Na changu kimo humo. Niliandika 70, kabla sijaanza kuandaa hotuba hii. Jana usiku nilikitoa nikibadilishe, nikakaa nacho hadi umeme ukakatika, nikakirudisha kilivyo. Sikupata namba nyingine ya kuandika.